Usiku wa tano ambao haukuwepo

Nukuu ya bei ya safari ni hesabu ya kuzidisha kabla ya kuwa hesabu ya kujumlisha. Kila mstari wake, uwe wa nauli, wa tozo au wa chumba, una sehemu tatu: bei ya kipimo kimoja, idadi ya vipimo, na kile kinachopatikana viwili hivyo vikizidishwa. Mteja huonyeshwa hicho cha mwisho tu. Anachukua simu, anajumlisha mistari, anakuta jumla inakaa, anaridhika. Alichothibitisha ni kwamba wakala anajua kujumlisha. Kama ametozwa usiku ambao hatalala, au kodi ya mtoto asiyekalia kiti, kosa hilo limekwisha kuingia ndani ya mstari na jumla italibeba bila kutetereka.

Kwa wasafiri wa Nyegezi jambo hili lina ugeni wake. Stendi ya mabasi ya Nyegezi ndiyo mlango wa kusini wa jiji la Mwanza, na anayepanda basi la Dar es Salaam pale hulipa nauli moja yenye namba moja. Ubishi ukitokea ni kama nauli hiyo imevuka kiwango kilichopangwa na LATRA, basi. Bei ya ndege pamoja na malazi haiji hivyo. Inakuja imegawanywa: nauli ya msingi huku, tozo za uwanja kule, nyongeza ya shirika, chumba kwa usiku, kitanda cha ziada, kodi ya ongezeko la thamani, ada ya wakala. Aliyezoea namba moja huruka moja kwa moja hadi chini ya karatasi. Wakala naye, mara nyingi bila nia mbaya, huandaa karatasi ambayo chini yake ndiko kunakosomeka vizuri zaidi.

Mfano utakaofuatwa hapa ni wa kubuni, bei zake zimetungwa ili hesabu ionekane, lakini umbo lake ni la profoma zinazotolewa kila siku. Familia ya Nyegezi ina baba, mama, mtoto wa miaka minane na mtoto mchanga wa miezi kumi na minne. Shule zimefungwa mwezi Juni, wanataka kuruka kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, wapelekwe kwa gari Bagamoyo, wakae hotelini ufukweni, kisha warudi. Wanaondoka Ijumaa tarehe 12 na kurejea Jumanne tarehe 16. Wakala amewaandikia "Bagamoyo siku 5", na mistari ni hii: nauli ya msingi ya watu wanne Sh1,026,000, kodi na tozo za ndege Sh360,000, malazi Sh1,200,000, VAT ya malazi Sh216,000, usafiri wa gari kwenda na kurudi Sh300,000, ada ya huduma asilimia 5, Sh155,100. Jumla kuu Sh3,275,100, na pembeni, kwa wino mwingine, "sawa na Sh818,775 kwa mtu".

Pa kuanzia ni nauli ya msingi, kwa kuwa ndiyo inayojengwa kwa kanuni zinazofahamika. Mashirika ya ndege huwagawa abiria kwa umri katika mafungu matatu. Aliyetimiza miaka 12 ni mtu mzima. Wa miaka 2 hadi 11 ni mtoto, anakalia kiti chake, na kwa desturi hulipa sehemu ya nauli ya mtu mzima, asilimia 75 ikiwa ndiyo ya kawaida ingawa yapo mashirika na aina za nauli zisizotoa punguzo lolote. Aliye chini ya miaka 2 ni mchanga, hupakatwa, na kwa kawaida hutozwa asilimia 10. Umri unaohesabika ni wa siku ya kusafiri, si wa siku ya kukata tiketi. Mtoto atakayetimiza miaka miwili akiwa bado likizo huweza kwenda amepakatwa na kurudi akihitaji kiti cha kulipiwa, na hilo ni afadhali lijulikane Nyegezi kuliko kwenye kaunta ya uwanja wa Dar es Salaam.

Katika mfano, nauli ya msingi ya mtu mzima kwenda na kurudi ni Sh360,000. Wawili ni Sh720,000. Mtoto kwa asilimia 75 ni Sh270,000, mchanga kwa asilimia 10 ni Sh36,000. Jumla Sh1,026,000, sawasawa na ilivyoandikwa. Mstari huu ni safi.

Anayetaka kuhakikisha kwamba zile Sh360,000 zimetoka kwa shirika na si kichwani mwa wakala aombe mstari wa ukokotoaji wa nauli. Kila tiketi ya kielektroniki inao, hata kama kwenye nakala anayopewa abiria haujachapwa, na wakala anaweza kuufungua kwenye mfumo wake. Kwa safari ya ndani umbo lake ni kama hili:

```
MWZ TC DAR180000TC MWZ180000TZS360000END
```

Husomwa kutoka kushoto. MWZ ni Mwanza, DAR ni Dar es Salaam, na TC kati yao ni herufi za Air Tanzania, zilizotumika hapa kama sampuli tu. Namba inayofuata uwanja wa kufikia ni nauli ya kipande hicho: 180,000 kwenda, 180,000 kurudi. TZS na namba yake ni jumla ya nauli ya msingi kwa shilingi, na END inafunga. Safari ya nje ya nchi ingekuwa na NUC badala ya TZS. NUC ni kipimo cha hesabu kinachotumiwa na mashirika ya ndege, wala si fedha inayoshikika, na mwishoni hufuatwa na ROE, yaani kiwango cha kuigeuza NUC kuwa fedha ya nchi safari inapoanzia. NUC ikizidishwa kwa ROE sharti itoe nauli ya msingi iliyo kwenye tiketi, ukiacha tofauti ndogo ya kukadirisha.

Mstari wa pili, kodi na tozo za ndege, ndipo karatasi inapoanza kuchafuka. Chini ya jina moja vimelundikwa vitu vya aina mbili. Vipo vinavyokusanywa na shirika kwa niaba ya uwanja au serikali, kama tozo ya huduma za abiria na tozo ya usalama. Na vipo vinavyobaki kwa shirika lenyewe, vinavyoandikwa kwa alama YQ au YR, ambavyo watu wengi huviita nyongeza ya mafuta. Kuviita vyote "kodi" ni mazoea mabaya ya biashara hii. YQ haiendi hazina. Ni nauli kwa jina jingine, na tofauti hiyo huonekana siku safari inapovunjika. Abiria asiyesafiri kwa tiketi isiyorudishwa fedha mara nyingi anaweza kudai tozo za uwanja ambao hakuutumia, ilhali YQ hufuata masharti ya nauli na huweza kupotea nayo. Karatasi isiyotenganisha viwili hivyo inamnyima mteja namba atakayoihitaji baadaye.

Tozo za uwanja huhesabiwa kwa mtu na kwa kuondoka. Hapa kuna kuondoka mara mbili, Mwanza na Dar es Salaam. Tuseme tozo ya abiria ni Sh10,000 na ya usalama Sh5,000 kwa kila kuondoka: Sh30,000 kwenda na kurudi. Nyongeza ya shirika iwe Sh30,000 kwa kila kipande: Sh60,000. Mtu mmoja anafikisha Sh90,000. Wakala ameandika Sh360,000, na Sh360,000 ikigawanywa kwa Sh90,000 inatoa 4. Amezidisha kwa vichwa vyote vya familia.

Lakini mchanga asiyekalia kiti, katika viwanja vingi, hatozwi tozo ya abiria, na tiketi ya familia hii ikifunguliwa inaonyesha kwamba kwake mistari hiyo haina kitu: ana nauli ya Sh36,000 peke yake. Idadi sahihi ni 3, na kiasi sahihi ni Sh270,000. Sh90,000 zimezidi. Ikumbukwe kwamba kosa hili halionekani kwa kujumlisha. Linaonekana kwa kugawanya: chukua mstari, gawanya kwa bei ya kipimo kimoja, tazama jibu ni idadi ya nini. Jibu likiwa 4 wakati wanaotozwa ni watatu, au likiwa 3.7 ambayo si idadi ya watu popote duniani, kuna la kuuliza.

Malazi ndiyo mstari mzito kuliko yote, na ndipo makosa huwa makubwa bila kupiga kelele, kwa sababu usiku ni kipimo ambacho watu hawana mazoea ya kukihesabu. Watu huhesabu siku. Anayeondoka Ijumaa na kurudi Jumanne amesafiri siku tano: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Amelala usiku nne, kwa kuwa usiku wa Jumanne yuko kitandani kwake Nyegezi. Idadi ya usiku hupatikana kwa kutoa tarehe: 16 toa 12 ni 4. Safari ikivuka mwezi, siku zilizobaki katika mwezi wa kwanza hujumlishwa na tarehe ya kuondoka hotelini. Kuingia tarehe 28 Juni na kutoka tarehe 2 Julai ni 2 na 2, usiku nne. Pana jambo moja tu la kuangalia hapa. Anayefika hotelini saa nane ya usiku wa kuamkia Jumamosi analipia usiku wa Ijumaa, maana chumba kilikuwa kikimngoja tangu mchana.

Sasa igawanywe ile Sh1,200,000. Orodha ya bei ya hoteli katika mfano inasema chumba cha watu wawili, pamoja na kifungua kinywa, ni Sh200,000 kwa usiku, na kitanda cha ziada cha mtoto ni Sh40,000 kwa usiku. Mchanga analala kwenye kitanda kidogo cha bure. Usiku mmoja wa familia nzima ni Sh240,000, na Sh1,200,000 ukigawanya kwa Sh240,000 unapata 5. Wakala alichukua maneno yake mwenyewe, "siku 5", akayatia kwenye kikokotoo. Malazi ya usiku nne ni Sh960,000. Zimezidi Sh240,000, usiku mzima.

Ingekuwa rahisi kulikosa kosa hili kama bei ingeandikwa kwa mtu badala ya kwa chumba. Hoteli nyingi za mwambao hutangaza bei kwa kila mtu anayeshiriki chumba na mwenzake, kwa hiyo "Sh100,000 kwa mtu kwa usiku" na "Sh200,000 kwa chumba kwa usiku" huweza kuwa kitu kimoja. Mteja asome kipimo kabla ya kusoma namba. Anayesafiri peke yake hulipa zaidi ya nusu ya chumba, na hiyo nyongeza huwa na mstari wake au huwa imefichwa. Zanzibar kuna kipimo kingine tena: kodi ya miundombinu huhesabiwa kwa mtu kwa usiku, na hoteli nyingi huipokea kaunta, nje ya kifurushi. Hapo idadi ni watu mara usiku, na karatasi iliyokaa sawa kabisa Mwanza huweza kupungukiwa Unguja.

Mstari wa VAT ndio wenye mtego wa kisomi zaidi. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, na asilimia 18 ya Sh1,200,000 ni Sh216,000. Hesabu haina dosari, ila orodha ya bei ya hoteli ina sentensi chini yake, kwa herufi ndogo: bei zote ni pamoja na VAT. Kodi imo tayari ndani ya zile Sh240,000. Wakala ameitoza mara ya pili, na hapo kinachozidi ni Sh216,000 yote.

Kuitafuta kodi iliyo ndani ya bei kuna njia yake, na wengi huikosea, wahasibu wachanga wakiwemo. Hutoi asilimia 18 ya Sh240,000. Ukifanya hivyo unapata Sh43,200 na kubaki na Sh196,800, kisha ukiongeza asilimia 18 ya hizo Sh196,800 hurudi kwenye Sh240,000, unaishia Sh232,224. Sababu ni kwamba asilimia 18 ni ya bei kabla ya kodi, na bei yenye kodi ni asilimia 118 ya hiyo. Kwa hiyo unagawanya kwa 1.18: Sh240,000 inakuwa Sh203,390 kabla ya kodi, na kodi ni Sh36,610. Jaribio la kurudi nyuma ndilo linalothibitisha: Sh203,390 zikiongezwa asilimia 18 zinarejea Sh240,000 kwa tofauti isiyofika shilingi moja.

VAT ina uthibitisho wa nje pia. Biashara isiyosajiliwa kwa kodi hiyo hairuhusiwi kuitoza, na iliyosajiliwa ina namba yake ya usajili, VRN, inayotokea kwenye risiti ya mashine ya EFD pamoja na TIN. Profoma yenye mstari wa VAT lakini isiyo na VRN inadai kitu isichoonyesha haki yake. Na bei inayoshuka ghafla mteja akikubali "bila risiti" inaeleza yenyewe ile VAT ilikuwa inaelekea wapi.

Usafiri wa gari hauna la kusumbua. Sh150,000 kila upande, mara mbili, Sh300,000. Gari hukodiwa zima, si kwa kichwa, na familia ya wanne ni gari moja. La kuuliza ni kipande ambacho hakimo. Kifurushi kinaanzia uwanja wa ndege wa Mwanza, ulio upande wa Ilemela, kaskazini mwa jiji, wakati Nyegezi iko kusini. Teksi ya kuvuka jiji alfajiri pamoja na mizigo, na nyingine ya kurudi, ni juu ya familia. Karatasi haikudanganya. Haikusema tu.

Ada ya huduma ni asilimia 5, na swali la asilimia yoyote ni moja: ya nini? Mistari mitano ya juu ikijumlishwa kama ilivyoandikwa, yaani Sh1,026,000, Sh360,000, Sh1,200,000, Sh216,000 na Sh300,000, inatoa Sh3,102,000. Asilimia 5 yake ni Sh155,100, ndiyo iliyoandikwa. Msingi wa ada basi ni jumla yote, kodi na tozo zikiwemo. Si kosa la hesabu, ingawa ni haki ya mteja kuuliza kwa nini alipe ada ya huduma juu ya tozo ya uwanja ambayo wakala hakuifanyia kazi yoyote. Baadhi ya mawakala hutoza ada ya kiasi kimoja kwa tiketi, na njia hiyo ni nzuri zaidi kwa sababu makosa ya mistari ya juu hayaivimbishi. Ada ya asilimia hufanya kila kosa lizae: Sh90,000 iliyozidi kwenye tozo inageuka Sh94,500 ikifika chini.

Imebaki jumla kuu. Sh3,102,000 na Sh155,100 ni Sh3,257,100. Karatasi inasema Sh3,275,100. Tofauti ni Sh18,000, na kila mtunza vitabu anaijua tofauti ya namna hii: inagawanyika kwa 9. Tarakimu mbili zinazokaa jirani zikibadilishana nafasi, tofauti lazima igawanyike kwa 9, kama 57 na 75 zinavyopishana kwa 18. Ndivyo ilivyotokea. Mtu alinakili 5 na 7 kinyume, kwa mkono, kutoka kikokotoo kwenda kwenye karatasi. Tofauti isiyogawanyika kwa 9 ingeelekeza kwingine, hasa kwenye mstari uliosahauliwa, na hapo mteja angetafuta kama kuna mstari mmoja unaolingana na pengo lenyewe. Si tofauti zote zinazogawanyika kwa 9 hutokana na kunakili vibaya, lakini ndipo pa kutazama kwanza.

Bei ya "Sh818,775 kwa mtu" nayo ni Sh3,275,100 kugawanywa kwa 4. Inakaa hadi shilingi ya mwisho na haina maana yoyote. Hakuna mtu katika familia hii anayegharimu kiasi hicho: watu wazima wanagharimu zaidi, mchanga anagharimu kidogo mno. Kazi yake ni kulinganishwa na tangazo la wakala wa jirani, ambalo limehesabiwa kwa watu wazima wawili, na kuonekana nafuu.

Karatasi iliyosahihishwa inakuwa hivi. Nauli ya msingi Sh1,026,000 na tozo Sh270,000, ndege yote Sh1,296,000. Malazi ya usiku nne, VAT ikiwa ndani, Sh960,000. Gari Sh300,000. Jumla ndogo Sh2,556,000, ada ya asilimia 5 Sh127,800, jumla kuu Sh2,683,800. Pengo kati yake na ya kwanza ni Sh591,300, na ukaguzi haujakamilika mpaka pengo hilo lielezwe lote. Tozo za mchanga Sh90,000, usiku wa tano Sh240,000 na VAT ya mara ya pili Sh216,000 ni Sh546,000. Ada ya asilimia 5 juu ya makosa hayo ni Sh27,300. Tarakimu zilizogeuka Sh18,000. Jumla Sh591,300. Kama ingebaki hata Sh5,000 isiyo na maelezo, kungekuwa na kosa jingine bado halijaonekana, pengine mawili yanayofutana.

Nchi nyingine zimelazimisha baadhi ya ukaguzi huu ufanywe na muuzaji. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1008 ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho ya tiketi ionyeshwe wakati wote, na kando yake nauli, kodi, tozo za uwanja na nyongeza nyingine zitajwe kila moja kwa jina lake. Marekani ilianza Januari 2012 kuwalazimisha watangaza nauli kutangaza bei kamili yenye kodi zote. Sheria hizo zinatibu ugonjwa wa bei iliyokatwa kichwa, ile inayotangazwa bila kodi. Haziugusi ugonjwa wa Bagamoyo hapo juu, ambao ni wa idadi. Dawa ya huo ni safu mbili zaidi kwenye profoma, kipimo na idadi, na wakala wa Mwanza hahitaji kusubiri Bunge ili kuziongeza: "chumba, kwa usiku, Sh200,000, mara 4". Usiku wa tano usingepita mbele ya macho ya mama wa familia.

Kwenye fedha za kigeni Tanzania imechukua hatua yake. Kanuni za Machi 2025 zilikataza kutangaza na kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa mambo machache yaliyotajwa. Profoma ya safari ya ndani yenye dola inastahili kurudishwa iandikwe upya kwa shilingi. Tiketi ya kimataifa huweza bado kuanzia kwenye dola, na hapo kiwango cha kubadilishia kiandikwe kwenye karatasi. Kupata kiwango kilichotumika, gawanya shilingi za kila mstari kwa dola zake. Mistari yote sharti itoe jibu moja. Ikitoa mawili, mmoja umebadilishwa siku nyingine au kwa mkono mwingine.

Ukaguzi wote huu una mpaka wake. Karatasi inayokaa sawa haithibitishi kwamba kiti kipo. Nafasi iliyoshikwa ina kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita, lakini hiyo ni nafasi tu, ina saa yake ya kuisha, na nauli haijafungwa mpaka tiketi itolewe. Tiketi iliyotolewa ina namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika; za Air Tanzania ni 197. Tiketi ya mchanga ina namba yake pia, ingawa hana kiti, na mara nyingi ndiyo inayosahauliwa. Jumla ya tiketi zote nne ilingane na Sh1,296,000. Vocha ya hoteli ionyeshe tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, usiku 4, kitanda cha ziada 1.

Malipo ya awamu ndiyo mahali pa mwisho ambapo hesabu huteleza. Wakala anataka asilimia 30 mwanzoni. Familia ilikuwa imelipa kabla ya kukagua, kwa jumla ya zamani: asilimia 30 ya Sh3,275,100 ni Sh982,530. Baada ya masahihisho wakala anaandika salio kuwa asilimia 70 ya bei mpya, Sh1,878,660. Salio hilo lingekuwa sahihi kama malipo ya kwanza yangekuwa Sh805,140. Yalikuwa zaidi, kwa Sh177,390. Salio halipatikani kwa asilimia. Hupatikana kwa kutoa kilicholipwa kutoka jumla mpya: Sh2,683,800 toa Sh982,530, inabaki Sh1,701,270, na risiti mbili za EFD zikiwekwa pamoja zinatoa Sh2,683,800.